Barua 24 kwa wadaiwa, 9 kimya: je, pesa zilizoingia Januari zinatosha?

Kijana wa Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye kampuni ndogo ya ukaguzi hapa Mwanza, mwaka wa pili kazini, mitihani ya NBAA bado inanitoa jasho. Mteja wetu anauza nyavu, kamba na maboya kwa jumla. Wateja wake ni wenye maduka kuzunguka ziwa, Nansio, Sengerema, Musoma, mpaka kambi za wavuvi visiwani. Hesabu zake zinafungwa 31 Desemba, na siku hiyo leja ilionyesha wadaiwa milioni 412, wateja 63.

Tulichagua wateja 24 wenye jumla ya milioni 318 tukawaandikia, kila mmoja atuambie kama salio tulilomwandikia ni sahihi. Tuko mwisho wa Februari na hali ni hii. Wateja 9 wamejibu wenyewe ofisini kwetu, milioni 141. Barua 6 alizipeleka ofisa mauzo wa mteja, alikuwa na safari ya kuzungukia maduka akajitolea, akarudi nazo zimesainiwa na kugongwa mihuri, milioni 82. Waliobaki 9, milioni 95, kimya. Tumekumbusha mara mbili.

Senia wangu anasema nichukue taarifa ya benki ya Januari na Februari, niangalie wale 5 wakubwa kati ya hao 9 kama walilipa, niweke tiki, nifunge faili. Moyo unakataa lakini sijui nimjibu nini. Mnasemaje?

Chapakazi wa Igoma
Dogo, mtu hajibu barua ya deni ujue hana nia ya kulipa. Tafuta dalali wa mahakama, pikipiki moja ikishachukuliwa wote watajibu kabla ya saa sita. Mimi nilidai mtu wa mabati miaka miwili, siku dalali kafika getini hela ilipatikana.

Kijana wa Nyakato
Mkuu, hayo madeni si yangu. Mimi ni mkaguzi, nataka kujua kama yalikuwepo kweli tarehe 31 Desemba.

Chapakazi wa Igoma
Aah. Basi hiyo ni ya wasomi, naketi pembeni.

Dkt Ankara
Unajisumbua bure. Barua inaandikwa hivi: "Usipojibu ndani ya siku 14 tutachukulia umekubali salio." Asipojibu, kakubali, mchezo umeisha. Hiyo njia inatambulika kabisa kwenye viwango, si uchochoro. Na kama senia ana wasiwasi, kila mauzo yana risiti ya EFD. Nani atatoa risiti ya mashine ya TRA kwa mauzo hewa ajitwishe kodi bila sababu? Ukiwa na risiti, deni lipo.

Bibi Leja
Nimekagua Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu kabla sijastaafu kwenda kufuga kuku Ilemela, kwa hiyo mniruhusu niseme kidogo.

Dkt Ankara, hiyo barua ya "ukinyamaza umekubali" ipo kweli. Lakini inafaa pale ambapo hatari ni ndogo na umeshapima udhibiti wa mteja ukaona unafanya kazi, madeni ni mengi, madogo na yanafanana, hutegemei kukuta tofauti, na huna sababu ya kuamini kuwa watu wataitupa barua bila kuisoma. Fikiria kampuni ya maji yenye wateja elfu kadhaa wa nyumbani. Huyu kijana ana watu 24 wanaobeba milioni 318, tena wengine wako kambini ambako barua inafungiwa dagaa. Kimya cha mtu ambaye hujui hata kama barua ilimfikia kinakuthibitishia nini? Isitoshe barua zake ziliomba jibu, hawezi kubadilisha masharti baada ya watu kunyamaza.

EFD nayo inaonyesha kwamba muuzaji ametoa risiti. Haionyeshi kwamba mnunuzi amepokea mzigo. Na unauliza nani atajitwisha kodi? Anayetafuta mkopo benki mwezi wa tatu na anataka hesabu zinone. Anauza tarehe 29 Desemba, Januari anatoa kredit noti kimyakimya, mauzo yanafutika.

Sasa wewe kijana. Umeuliza kuhusu wale 9, mimi usingizi unanikatika kwa wale 6.

Kijana wa Nyakato
Wale waliosaini? Mama, hao si ndio tumemaliza nao?

Bibi Leja
Hujamaliza nao hata kidogo. Thamani yote ya ile barua ni kwamba inatoka mkononi mwako na kurudi mkononi mwako bila kupita kwa anayekaguliwa. Ofisa mauzo ndiye anayeuza, na mara nyingi huku kwetu ndiye anayekusanya hela. Umempa mtu mtihani aujibu halafu asahihishe mwenyewe.

Zihesabu hizo 6 kama hazijajibiwa. Usizichane, zitunze, zinaweza kukwambia kitu. Zipange mezani sita zote kwa pamoja uangalie tarehe zilivyoandikwa, kalamu, namna tarakimu zilivyochorwa. Halafu watafute hao wateja kwa namba ambayo hukupewa na mteja wako.

Kwa hiyo kazi yako ni watu 15, milioni 177. Na ni wote 15. Kiwango cha ukaguzi namba 505 kinasema kila asiyejibu afanyiwe utaratibu mbadala, hakisemi wakubwa watano. Mwambie senia wako kwa heshima akifungue.

Dkt Ankara
Bibi unakuza mambo. Muhuri ni muhuri. Mkaguzi si mtaalamu wa maandishi.

Mama wa Mwaloni
Hodi humu. Mimi si mhasibu, nina stoo ya dagaa hapa mwaloni Kirumba na duka la zana. Hizo barua huwa naletewa, na ngoja niwaambie kwa nini hatujibu. Imeandikwa juu "Salio lako unalodaiwa", katikati tarakimu kubwa, chini "saini hapa". Mtu anaona ni karatasi ya kukamatwa. Mwanangu aliyesoma aliniambia mama usisaini chochote.

Halafu mwaka juzi nilipata nyingine, kutoka kwa wakaguzi wa duka moja la jumla ambalo sitalitaja, eti nadaiwa milioni 6 na laki 4. Nikashangaa. Hela hiyo niliituma kwa simu kwa yule kijana wao wa mauzo, kwenye namba yake mwenyewe, aliniambia ya ofisi ina matatizo. Ujumbe ninao mpaka leo. Sikujibu barua maana niliona ni ugomvi wao. Mwezi uliofuata nikaambiwa sidaiwi tena, sikujua ilikwendaje.

Bibi Leja
Mama wa Mwaloni, wewe umefundisha zaidi yangu. Kijana, soma alichoandika huyo mama mara mbili, hasa sentensi ya mwisho. Deni lililokwisha kulipwa, likaonekana bado kwenye barua, mwezi uliofuata likafutika bila yeye kutoa senti nyingine. Hela iliyolifuta ilitoka kwa nani?

Ndiyo maana tiki kwenye taarifa ya benki haitoshi. Namna ya kufanya ni hii, na uifanye polepole. Kwa kila mteja toa orodha ya ankara zinazounda salio lake la 31 Desemba. Usianze na jumla, anza na ankara mojamoja. Kisha tafuta hela iliyoingia benki baada ya hapo, na ujibu maswali mawili: nani aliiweka, na inalipa ankara ipi. Jina la mwekaji lisome kwenye taarifa ya benki au kwenye hati ya kuweka fedha, wala si kwenye leja, maana leja inaandikwa na watu walewale. Mteja akilipa milioni 8 Januari na Januari hiyohiyo kachukua mzigo wa milioni 8, hujathibitisha chochote cha Desemba.

Ankara ambayo hela yake haijaingia, rudi nyuma kwenye mzigo. Oda, hati ya kutoka ghalani, karatasi ya boti au ya gari, na saini ya aliyepokea. Hapo ujue tofauti moja: hela ikiingia inakuonyesha deni lilikuwepo na pia kwamba linalipika. Hati ya mzigo inakuonyesha lilikuwepo tu. Kama atalipa ni swali jingine. Na pitia kredit noti zote za Januari na Februari.

Kijana wa Nyakato
Wabeja sana mama. Narudi na majibu.

Kijana wa Nyakato
Wakuu, siku 9 baadaye. Senia alikasirika kidogo, meneja alipoelezwa akaniunga mkono. Naleta kesi mbili.

Ya kwanza ni duka moja Nansio, mmoja wa wale kimya. Salio milioni 28.6, ankara nne: 12 Novemba milioni 6.4, 3 Desemba milioni 7.2, 19 Desemba milioni 5.5, na 30 Desemba milioni 9.5. Tarehe 9 Januari benki iliingia milioni 13.6, jina la mwekaji ni la duka lenyewe, na ni jumla kamili ya zile ankara mbili za kwanza. Tarehe 4 Februari ikaingia 5.5, jina lilelile. Hizo tatu nimeridhika nazo.

Ya nne haijalipwa. Nikaenda kwenye mzigo. Hati ya kutoka ghalani ina tarehe 30 Desemba, safi. Ila karatasi ya mzigo ya boti ni ya 4 Januari, na aliyepokea Nansio amesaini 5 Januari. Nikamuuliza mtunza ghala, akasema bila wasiwasi kwamba marobota yale yalikaa pembeni ya mlango mpaka baada ya sikukuu. Kwa hiyo ni deni la Desemba au la?

Dkt Ankara
La Desemba. Ankara 30 Desemba, EFD 30 Desemba, mzigo umetengwa. Umekwisha kuuzwa huo.

Bibi Leja
Inategemea walikubaliana mzigo unakuwa wa mnunuzi wapi. Ukipandishwa botini ni wake, au mpaka ufike Nansio? Kijana, oda inasemaje, na boti alilipa nani?

Kijana wa Nyakato
Oda imeandikwa "bei ya kufikisha Nansio", na nauli ya boti kalipa mteja wetu. Ukizama njiani hasara ni yake, nimemuuliza mhasibu akakubali.

Bibi Leja
Basi usibishane na mtu. Tarehe 31 Desemba zile nyavu zilikuwa mali ya mteja wako, na kwa vyovyote vile hata botini hazikuwa zimepanda. Milioni 9.5 inatoka kwenye wadaiwa na kwenye mauzo, na gharama ya nyavu hizo inarudi kwenye stoku kama haimo tayari. Halafu uulize kitu kimoja zaidi: siku ya kuhesabu stoku, yale marobota ya mlangoni yalihesabiwa au yalirukwa? Yakiwa yalihesabiwa, mteja wako alikuwa na nyavu na deni la nyavu hizohizo kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa umekuta moja, angalia ankara zote za wiki ya mwisho ya Desemba, hata za wateja ambao hukuwaandikia.

Dkt Ankara
Hiyo ya masharti ya usafiri nakubali. Sikuifikiria.

Kijana wa Nyakato
Kesi ya pili ndiyo imenitoa usingizi. Nilizipanga zile barua 6 mezani kama ulivyosema mama. Barua sita, maduka sita, miji mitatu tofauti, na kila penye tarakimu 7 imekatwa kistari katikati. Zote sita.

Nikaanza na duka la Sengerema, salio kwenye barua milioni 17.3, saini na muhuri wa mstatili. Daraja la Kigongo–Busisi limeturahisishia, nilivuka asubuhi. Sikuingia kwa kujitambulisha. Nilinunua kamba ya manila mita 10, nikaomba risiti, nikapata jina la biashara, TIN na namba ya simu kutoka kwenye mashine yao wenyewe. Nikalinganisha na faili la mteja: jina na TIN sawa, simu tofauti. Ndipo nikatoa kitambulisho na barua.

Mwenye duka aliiangalia barua, akaenda nyuma, akarudi na muhuri wake. Wa mviringo. Akaugonga kwenye kipande cha boksi akanipa, "Huu ndio wetu, huo wenu sijawahi kuuona." Kwa hesabu yake alikuwa anadaiwa milioni 7.3. Milioni 10 alilipa 22 Novemba kwa ofisa mauzo, mkononi, na ana stakabadhi ya kitabu yenye saini.

Nikarudi kwenye leja. Hiyo milioni 10 ipo! Imeingizwa kwake 16 Januari. Na benki, 16 Januari, kuna milioni 10. Ningefuata ushauri wa senia ningeweka tiki nikaenda kunywa chai. Jina la mwekaji ni duka la Musoma.

Mama wa Mwaloni
Si ndiyo yangu hiyo! Kwa hiyo mimi nililipiwa na mtu nisiyemjua?

Bibi Leja
Ndiyo, mama. Na huyo mtu akabaki anadaiwa mpaka apatikane wa kumlipia yeye. Ni kukopa kwa Juma umlipe Asha, tofauti ni kwamba Juma na Asha hawajui kama wamekopwa.

Kijana, yule wa Musoma alikuwa kwenye wale 24?

Kijana wa Nyakato
Alikuwemo, na alijibu mwenyewe kwa barua pepe kuwa salio la Desemba ni sahihi. Ndicho kilichonichanganya.

Bibi Leja
Na kweli lilikuwa sahihi, maana 31 Desemba alikuwa hajalipa bado. Hela yake imegeuzwa njia Januari. Kwa hiyo pengo la Desemba liko Sengerema: wadaiwa wamezidi milioni 10, kwa sababu yule mwenye duka alishalipa kwa mtu wa kampuni. Kampuni sasa inamdai ofisa wake, na kama atalipa mimi siweki dau.

Usimwulize ofisa mauzo chochote, wala mhasibu. Andika ulichoona, weka nakala ya stakabadhi na kile kipande cha boksi kwenye faili, mpelekee patna wako leo. Yeye ndiye ataamua amwambie nani kule juu. Na wale watano waliobaki muwaendee wenyewe kwa miguu. Hapa utaratibu mbadala wa kukaa ofisini hautoshi tena, maana makaratasi yote utakayopewa yanapita kwa watu ambao bado hujui nani kati yao ni msafi.

Kijana wa Nyakato
Patna ameshaambiwa jana. Watano wanakwenda kuonwa wiki hii, tumegawana.

Limebaki swali moja. Kati ya wale 9 kimya, 6 nimewamaliza kwa malipo na hati za mzigo. Watatu ni kambi za visiwani, jumla milioni 14. Hawajajibu, hawajalipa, na hati za kupokea mzigo zimesainiwa kwa majina kama "Kaka Mdogo" na "Bosi wa Taa". Moja ina dole gumba tu. Je, milioni 14 nizihesabu kosa?

Dkt Ankara
Kosa. Huna ushahidi, piga mstari.

Bibi Leja
Kukosa ushahidi na kukuta kosa ni vitu viwili. Lakini ukishindwa kabisa kupata chochote, wengi wetu tulikuwa tunaihesabu kama kosa tunapopima sampuli. Je, hao watatu walikuwa kati ya wakubwa mliowachukua wote, au waliokotwa kwa bahati nasibu? Kama ni wa bahati nasibu, wanawawakilisha na wale 39 ambao hamkuwaandikia, na milioni 14 haitabaki 14.

Kijana wa Nyakato
Wawili ni wa bahati nasibu.

Dkt Ankara
Sasa hapo tunakubaliana, piga mstari na uikuze.

Bibi Leja
Sijasema apige mstari leo. Nimesema ajue itakuwa nzito kiasi gani akishindwa. Kwa jina la "Bosi wa Taa" sijui kama ningeridhika hata akija mwenyewe.

Mama wa Mwaloni
Jamani wasomi, mnamtafuta mtu wa kambi kambini? Anayesaini pale ni msimamizi au kijana wa kuanika. Tajiri mwenye mitumbwi na mwenye deni anakaa mjini, wengine majirani zangu hapa Kirumba. Barua yako iliyokwenda kisiwani hajawahi kuiona. Mwulize mteja wako oda ilipigwa na nani, halafu usimwamini, njoo mwaloni uulize mwenyewe kambi fulani ni ya nani. Watakwambia.

Na uangalie mwezi. Giza likiwa limeingia wote wako majini na taa. Subiri mbalamwezi, wavuvi wanapumzika, wasimamizi wanakuja kupiga hesabu na matajiri wao. Siku hizo utawapata wote wawili meza moja, na daftari lipo katikati.

Kijana wa Nyakato
Mama, mbalamwezi inaanza lini?

Mama wa Mwaloni
Toka nje uangalie juu, mwanangu. Kama siku tano hivi. Ukifika uliza stoo yenye mlango wa bluu, na uje na hizo hati zenye dole gumba. Hilo jina la Kaka Mdogo nahisi namjua.